Hotuba ya kufungua shindano la visasili

Bwana prefe, walimu wenzangu, wazazi wetu mliofika hapa Himbi licha ya mvua ya asubuhi, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi madirishani: jambo! Karibuni sana.

Timu nne zimeketi hapa mbele. Majina zimejichagulia zenyewe: Mwindo, Kalala Ilunga, Liongo na Gilgamesh. Mashujaa wawili kati ya hao wanne ni wa hapa kwetu Kongo, na mimi kama mwalimu wa historia nimefurahi kupita kiasi.

Nianze na pointi, ili asije mtu akalalamika baadaye. Ukitaja jina la zimwi, unapata pointi 1. Ukieleza lilishindwaje, unapata 3. Tumepanga hivyo makusudi. Jina unaweza kulikariri usiku mmoja kwa taa ya simu. Lakini namna zimwi lilivyoshindwa ndiyo inayokuonyesha wale waliosimulia kisa hicho waliogopa nini, na walimtegemea nani.

Chukueni mazimwi ya vichwa vingi, maana leo mtakutana nayo sana. Wagiriki wana Hidra, nyoka wa kinamasi cha Lerna. Herakle anakata kichwa kimoja, vinaota viwili. Akiendelea na nguvu zake tu, anazidi kujiongezea maadui. Anayemwokoa ni Iolao, mpwa wake, aliyeshika mwenge na kuchoma kila shingo kabla haijachipua tena. Kule Japani joka Orochi lina vichwa vinane. Limekwisha kula mabinti saba wa wazee wawili, amebaki mmoja. Susanoo hakimbilii upanga. Anawaomba wazee wapike pombe kali na kuiweka katika vyombo vinane, kila kichwa na chombo chake. Joka linakunywa, linalewa, linalala, na hapo ndipo upanga unapotoka alani. Wahindi nao wana Ravana wa vichwa kumi, aliyemwiba Sita, mke wa Rama. Ili kumfikia Lanka, jeshi la nyani lilijenga daraja juu ya bahari.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote vya Ulaya ni cha watu wa kaskazini, wa nchi za baridi. Miungu yao ililea mbwamwitu aitwaye Fenri. Alikua mpaka wakaanza kumwogopa. Wakamfunga kwa minyororo mara mbili, akaikata yote. Ndipo mafundi wa chini ya ardhi wakasuka utepe mwembamba, laini kama hariri, kwa vitu sita: mlio wa hatua za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Fenri akautazama utepe ule, akashuku. Akasema: nitakubali mnifunge, lakini mmoja wenu aweke mkono kinywani mwangu, niamini kwamba hamna hila. Wote wakanyamaza. Tiri peke yake akasogea, akaingiza mkono wake wa kuume kati ya yale meno, akijua kabisa kwamba ahadi ile ni ya uongo. Utepe ukakaza, na mkono ukaenda. Mwanafunzi atakayeulizwa kuhusu Fenri asisahau mkono huo, kwa sababu ndio bei iliyolipwa.

Sasa tuje nyumbani. Kutoka hapa Goma ukielekea Walikale, unaingia msituni kwa Wanyanga, na huko ndiko aliko Mwindo. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke alikisimulia kisa hiki kwa siku 12, akiimba na kucheza, huku wengine wakiandika. Kwangu mimi Mwindo anakaa meza moja na Herakle, wala hasogei pembeni kumpisha.

Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, alitoa amri kwamba wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana, anatembea na kuongea tangu siku ya kwanza, mkononi ana konga, yaani usinga wake wa mkia wa nyati. Baba akamtupia mikuki. Akamzika. Mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaelea, mtoto akiimba ndani yake, mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Mwindo akarudi Tubondo kwa vita, baba akakimbilia kuzimu, na mtoto akamfuata hukohuko. Alipompata, mlidhani angemuua? Alimrudisha nyumbani, akawafufua watu wa Tubondo waliokufa, kisha wakagawana utawala, baba nusu na mwana nusu.

Na bado. Baadaye Mwindo alimuua Kirimu, joka la msituni lenye vichwa saba, na watu waliomezwa wakatoka tumboni wazima. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, radi. Nkuba akampandisha Mwindo mbinguni mwaka mzima, akapigwa na baridi, mvua na jua, na akashushwa kwa sharti la kutoua tena wanyama. Ni mara chache kumpata shujaa anayeadhibiwa kwa kuliua joka! Wanyanga, watu wa msitu na uwindaji, ndio waliotupa huyo.

Wenzetu wa Katanga wana Kalala Ilunga wa Waluba. Mjomba wake, mfalme Nkongolo, alimwita kwenye ngoma, na mahali pa kuchezea palikuwa na mkeka uliofunika shimo la mikuki. Mpiga ngoma akamwonya kwa midundo, kijana akaruka na kutoroka. Mfalme alikuwa na jeshi, na mpiga ngoma alikuwa na vijiti viwili tu.

Wapo pia wasiopona. Liongo wa pwani ya Kenya, ambaye mkuki haukumpata, alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na kijana wa damu yake mwenyewe. Akafia kisimani, amepiga goti, upinde umevutwa, na watu wakaogopa kuteka maji. Lyangombe, mwindaji anayesimuliwa Bushi na Rwanda, aliuawa na nyati. Na huko Misri nyoka Apofi hushambulia mashua ya jua kila usiku. Anashindwa, na usiku unaofuata yuko palepale.

Jambo moja kwa majaji na wazazi. Visa hivi vimepita vinywa vingi, na bibi wa Masisi hasimulii sawasawa na babu wa Walikale. Mwanafunzi akijibu tofauti na karatasi yetu, lakini akasema alisimuliwa na nani na wapi, jibu lake litasikilizwa, na majaji wataamua palepale. Nawaomba mfanye hivyo kwa moyo wote, kwa sababu wazee hao ndio vitabu ambavyo maktaba yetu haina.

Kila swali lina sekunde 30. Kengele ikilia, mmechelewa. Simu zote ziko mezani kwa mama direktrisi. Ninyi mliokaa nyuma, pigeni makofi mnavyotaka, ila atakayenong'oneza jibu ataipotezea timu yake swali hilo.

Shindano limefunguliwa. Timu ya Liongo ilipata nambari 1 kwenye kura, kwa hiyo inaanza. Simameni, kapteni ashike kipaza sauti. Swali lenu linatoka Babeli ya kale: ni nani aliyelinda msitu wa mierezi, na Gilgamesh na rafiki yake Enkidu walimshindaje?