Majibu kuhusu maksi zako za esei ya Maji Maji

Habari kijana, nimeipata imeili yako ya Jumapili usiku ukilalamikia maksi zako na kuuliza kama nimekukata kwa ajili ya lugha, pole kwa presha. Esei nimeisoma upya yote nikiwa na mwongozo wa kusahihisha pembeni, na maksi zinabaki 11 kwa 20. Sasa nikueleze zimetokea wapi maana naona hapo ndipo umekwama.

Mwongozo mlipewa wote pamoja na swali: hoja 8, ushahidi 6, mpangilio 3, marejeo 3. Wewe umepata 4, 3, 2 na 2. Mpangilio na marejeo sina maneno mengi, upo vizuri, ila kule mwisho umetaja vitabu viwili ambavyo ndani ya esei havionekani popote.

Shida kubwa ni hoja. Swali liliuliza kilimo cha lazima cha pamba kilichangia vita KWA KIASI GANI, halafu wewe umeorodhesha sababu sita zikiwa zimejipanga foleni, kodi, pamba, ukatili wa maakida, hakuna hata moja uliyoipima na mwenzake. Kwenye mwongozo anayeorodhesha bila kupima haruki 4 hata aandike daftari zima, kwahiyo kusema "nimejaza kurasa nane na mwenzangu tano" haisaidii kitu. Na maksi za mwenzako siwezi kuzijadili na wewe, kama ambavyo zako sizijadili naye.

Ushahidi ndio ulinisikitisha kidogo maana ulianza vizuri mno. Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete Julai 1905 umeieleza safi kabisa, na hizo 3 zimetoka hapo. Ila ukurasa wa tatu unasema Wangoni nao waliingia vitani kwa sababu ya pamba. Mpango wa mashamba ya pamba aliouanzisha gavana Mjerumani Götzen 1902 ulikuwa huku pwani na kusini mashariki, Rufiji, Kilwa, Lindi, sio Songea. Wangoni walikuwa na machungu yao, watawala wao walishanyang'anywa nguvu na Wajerumani, na hapo ndipo ungejibu swali lenyewe: kama kuna watu walipigana bila kulimishwa pamba basi pamba peke yake haitoshi! Ulikuwa na jibu mkononi ukalipita. Halafu ukurasa wa tano njaa umeiweka kwenye sababu, wakati ile njaa kubwa ililetwa na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala vita ikiwa imeshaanza, hayo ni matokeo.

Kuhusu lugha, hapana, sikukata hata nusu maksi, zile alama nyekundu ni za kukuelekeza tu.

Alhamisi kuanzia saa nane mchana nipo ofisini, njoo na esei yako tuipitie. Ukiona bado hujaridhika una haki ya kumwandikia mkuu wa idara apewe mwalimu mwingine aisahihishe, sitanuna, ila fahamu maksi zikirudiwa zinaweza kupanda au kushuka. Fomu zipo kwa katibu wa idara, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Mwalimu wako wa Historia