Barua kwa mnunuzi wa nyanya: muda wa safari ya Lindi hadi Ilala na hatari ya mzigo kuharibika

Ng'apa,
Lindi.
14 Julai 2025

Bi Zuhura,
Soko la Ilala,
Dar es Salaam.

YAH: MZIGO WA NYANYA WA JUMAMOSI, 19 JULAI

Assalaam alaykum.

Nimepokea oda yako ya kreti 120, na nashukuru kwa kuniamini. Umetaka nyanya nyekundu tupu, gari liondoke huku asubuhi, na malipo yafuate uzito utakaopimwa Ilala. Kabla sijaita wachumaji, naomba unisikilize kuhusu hiyo njia, maana tukikubaliana kwa haraka tutakuja kulaumiana juu ya mzigo ulioharibika.

Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450. Basi huchukua saa saba au nane. Kenta yenye mzigo, ukijumlisha mizani, vizuizi na dereva kupumzika Nangurukuru, huchukua saa kumi hivi, na hapo ni kama haikupata pancha. Lakini nyanya haianzi kuhesabu saa gari linapowashwa. Inaanza pale inapokatwa kikonyo. Tunachuma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kabla jua halijawa kali, kisha tunazitandaza kivulini zipoe, tunachambua na kupanga. Tukipakia saa kumi jioni, utazipokea Ilala saa nane usiku. Ni saa ishirini tangu tunda la kwanza litoke kwenye mche.

Gari likiondoka asubuhi, inabidi nichume jana yake, nyanya zilale hapa, halafu zipite Kilwa na Rufiji mchana kutwa chini ya turubai. Joto la chini ya turubai unalijua. Nyanya iliyochumwa bado inapumua na kutoa joto lake yenyewe, na zile zilizoiva hutoa hewa inayoziivisha za jirani. Ukizifungia zote bila upepo, zinaivishana na kutoa jasho njiani. Tena gari hilo litafika Mbagala jioni, wakati wa foleni. Kwa hiyo naomba safari iwe ya usiku, na turubai lifunikwe juu tu, pembeni pabaki wazi.

Kuhusu rangi, hapa ndipo nakuomba sana. Nyanya iliyoiva kabisa ngozi yake imeshalegea. Ikilaliwa na wenzake saa kumi huku gari linaruka kwenye viraka, inapasuka, maji yake yanamwagikia za chini, na moja iliyooza inaharibu kreti nzima. Najua wateja wako wamezoea nyanya za Ilula, ambazo nazo husafiri mbali, lakini zile zinatoka nyanda za juu kwenye baridi. Zetu zinaondoka pwani zikiwa na joto tayari. Nipe ruhusa nichume zilizoanza kugeuka rangi kitakoni, wekundu usizidi nusu ya tunda. Hizo ni ngumu, zinavumilia, na ukiziweka kivulini penye hewa zitakuwa nyekundu ndani ya siku tatu au nne. Kama una wateja wa kuuza siku ileile, nitakutengea kreti 20 za zilizoiva zaidi, zipangwe juu kabisa.

Tenga sitalitumia. Ni refu, na za chini zinabeba uzito wote. Nitapakia kreti za plastiki, kilo 20 kila moja, zisijazwe kupita ukingo. Ila kreti tupu zirudi na gari hilohilo, maana ni za kukodi.

Bamia ulizoulizia nitaongeza magunia machache, yale madogo ya wavu. Mchicha hapana, hautafika ukiwa mboga.

Sasa malipo. Napendekeza tupime mara mbili, hapa Lindi mbele ya dereva na huko mbele ya kijana wako. Upungufu hadi kilo 5 kwa kila kilo 100 ni wangu, kwa sababu lazima maji yapungue na chache zipondeke. Ukizidi hapo tugawane nusu kwa nusu. Lakini gari likifika na kukaa bila kushushwa hadi jua likawaka, hasara hiyo isirudi shambani. Tafadhali weka wapakuzi tayari kuanzia saa nane usiku; dereva atakupigia akifika Ikwiriri.

Njia ikifungwa, nayo tuiandike. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, maji yaliikata barabara hii upande wa Kilwa, na kuzungukia Songea si safari ya nyanya. Julai ni kiangazi, sitarajii hayo, ila oda zako ukitaka ziendelee hadi masika, sharti liwe kwamba barabara ikikatika sichumi, na wewe hunidai.

Naomba jibu kabla ya Alhamisi jioni, kwani Ijumaa asubuhi lazima niwe nimeshalipia kreti na kumpa dereva nauli ya kwanza. Ukikubali safari ya usiku na rangi niliyoeleza, Jumamosi saa kumi na mbili tunaingia shambani.

Wasalaam,

Hassani,
mkulima, Ng'apa