Ghala Zetu Zimejaa: Wimbo wa Shukrani ya Mavuno ya Masika

Wimbo huu unaimbwa uwanjani, chini ya mwembe mkubwa, na wakulima wa kijiji chetu cha ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Mambrui, baada ya mahindi ya masika kuanikwa na kuingizwa ndani. Kiongozi husimama karibu na wapiga chapuo na vumi, wanawake hushika kayamba, na watu wote hukaa duara, kila nyumba ikiwa imeweka mbele yake pakacha la limbuko. Kiongozi huimba mishororo mitatu na wote huitikia wa nne. Penye maneno ya kusema, ngoma hupungua lakini haikomi.

KIONGOZI:
Enyi nyote uwanjani, majirani na jamaa,
Wa Sabaki mabondeni, na wa juu mlokaa,
Tuinueni shukrani, sauti zipate paa:
WOTE:
Ahsante Mola Karima, ghala zetu zimejaa.

KIONGOZI:
Kaskazi lilipotoka, mawingu yakasambaa,
Majembe tukayashika, tukakataa kukaa,
Mbegu nasi tukazika, tukiomba zije zaa:
WOTE:
Ahsante Mola Karima, ghala zetu zimejaa.

MZEE (anasema, amesimama): Waliotutangulia hawakuwa na kalenda ya ukutani. Waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kwa kumi tangu Siku ya Mwaka, na kila mwongo ulipoingia waliitazama bahari na mbingu, wakajua kama ni wakati wa kufyeka, wa kuchoma au wa kutia mbegu.
WOTE: Twawakumbuka; Mola awarehemu.
MZEE: Elimu hiyo walituachia pamoja na mashamba, na yeyote aliyepanda mwaka huu kabla ya mvua ya kwanza kulowesha udongo, kwa kuwa aliuona upepo umegeuka, alipanda kwa elimu yao.
WOTE: Twawakumbuka; Mola awarehemu.

(Hapa ngoma inazidi, kwa sababu ubeti unaofuata ni wa vita vya shambani.)

KIONGOZI:
Mahindi yalipoliwa, viwavi wameyavaa,
Usiku tukishtuliwa, na viboko wenye njaa,
Ni Wewe uliyekuwa mlinzi bila hadaa:
WOTE:
Ahsante Mola Karima, ghala zetu zimejaa.

WANAUME (wanasema pamoja): Tunaikumbuka miaka ya 2021 na 2022, mvua ilipotukataa msimu baada ya msimu, mahindi yakakauka yakiwa ya urefu wa goti, na ng'ombe wakatembea mbali kutafuta majani hata wengine hawakurudi.
WOTE: Hukutuacha, ee Mola.
WANAUME: Tunaikumbuka Novemba ya 2023, mvua iliposhuka bila kipimo na Sabaki ukavunja kingo zake kwa maji mekundu ya kutoka bara, ukapita juu ya muhogo na migomba, na tulichokuwa tumekipalilia kwa wiki nyingi kikaenda baharini.
WOTE: Hukutuacha, ee Mola.
WANAUME: Tunawakumbuka viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017 na tangu hapo hawajatoka, ambao hujificha katikati ya majani ya mhindi mchanga wakautafuna moyo wake, hata ikatubidi tupite mstari kwa mstari alfajiri tukiwatoa kwa vidole.
WOTE: Hukutuacha, ee Mola.

WATOTO: Na sisi tuliamia ndege!
KIONGOZI: Naam, wanangu, mliamia. Mlikaa dunguni tangu jua lichomoze, mkapiga madebe na kurusha kombeo, na baba zenu wakawapokea usiku kwa mienge, wakisikiliza viboko wakipanda kutoka mtoni. Kijiji kizima kinajua kwamba punje hizi zimepita mikononi mwenu.
WOTE: Watoto wetu, tunawashukuru.

(Wanawake wanasimama na kayamba. Ubeti huu ni wao, na kiongozi ananyamaza.)

WANAWAKE:
Tumepura, tumepeta, kunde sasa zinang'aa,
Na mahindi tumeleta, uchagani yanakaa,
Moshi utayafumbata, fukusi wapate njaa:
WOTE:
Ahsante Mola Karima, ghala zetu zimejaa.

MAMA MMOJA (anainua ungo wenye kunde): Tazameni. Hizi zilitambaa katikati ya mahindi zikaifunika ardhi, ndiyo maana shamba halikukauka mvua ilipokatika mwezi wa sita, na majani yake, mchicha ukiwa umekwisha, ndiyo yaliyokuwa mboga yetu ya kila jioni.
WOTE: Kwa kunde, tunashukuru.
MAMA: Kwa mahindi ya mzihana, ambayo bibi zetu waliyafunga kwa maganda yake wakayatundika juu ya meko, ili mwaka ukiwa mbaya kiasi gani, nyumba isikose mbegu.
WOTE: Kwa mbegu, tunashukuru.
MAMA: Kwa muhogo, uliotusubiri ardhini bila kudai chochote.
WOTE: Kwa muhogo, tunashukuru.
MAMA: Kwa mnazi, unaotupa tui la mchuzi na makuti ya paa, na uliotupa mapakacha haya tuliyobebea mavuno, na kwa miembe na mikorosho inayotoa maua wakati huu huu tunapoimba.
WOTE: Kwa miti yetu, tunashukuru.
MAMA: Na kwa mikono ya majirani, waliokuja kulima shamba la mama aliyejifungua wakati wa palizi, wakalimaliza kwa asubuhi moja, kisha wakakataa kulipwa.
WOTE: Kwa majirani, tunashukuru, tunashukuru, tunashukuru.

(Shukrani hii ya mwisho irudiwe mara tatu kwa sauti kamili. Palizi likichelewa siku chache, magugu huyashinda mahindi, na msaada wa namna hiyo haufai kupitwa haraka.)

KIONGOZI:
Fungu kwanza la mjane, na asiye na jamaa,
Mgonjwa naye aone, sahani imemjaa,
Tule sote, tugawane, asilale mtu njaa:
WOTE:
Ahsante Mola Karima, ghala zetu zimejaa.

MZEE: Aliye Mwislamu na mavuno yake yamefikia kiwango, asisahau kwamba shamba la mvua lina zaka ya fungu moja katika kumi, na shamba la kumwagiliwa kwa taabu ya mashine au ndoo lina fungu moja katika ishirini. Aliye Mkristo, limbuko lake na lifike madhabahuni. Na sisi sote, kabla lori la mnunuzi halijafika barabarani, tuyatenge kwanza ya kula na ya kupanda, kwa maana anayeuza yote mwezi wa nane huyanunua yale yale mwezi wa pili kwa bei asiyoiweza.
WOTE: Tumesikia, mzee wetu, tutatenga.

KIONGOZI:
Vuli ije kwa fadhili, mito isitupe baa,
Mbegu zilo mbalimbali, chunguni zimeshakaa,
Utulinde, ya Jalali, tupande bila fazaa:
WOTE:
Ahsante Mola Karima, ghala zetu zimejaa.

KIONGOZI: Wapishi wetu, wali wa nazi umeiva?
WAPISHI: Umeiva, na kunde zimeungwa.
KIONGOZI: Basi watoto na watangulie, kisha wageni, na wenyeji tufuate, na kila pakacha la limbuko lipelekwe kwenye mkeka wa kati, likagawiwe leo leo.
WOTE: Amina. Tunakuja.