Oda za "Upepo wa Ziwa" zimefunguliwa leo

Wapendwa wateja wetu, nguo mpya mlizokuwa mkiziulizia sasa mnaweza kuziagiza. Kuna rinda refu lenye mifuko mikubwa (ndiyo, simu inaingia yote), shati la mikono mifupi la kuvaliwa na wake kwa waume, na suruali pana yenye lastiki kiunoni. Zote ni pamba tupu, maana jua la Kisumu saa nane mchana halivumiliki ndani ya poliesta. Rangi ni mchanga, samawati, na ile zambarau nyepesi ya ua la gugumaji.

Rinda ni shilingi 3,200, shati 2,200, suruali 2,600. Saizi ni kuanzia 8 hadi 22, bei ni ile ile.

Kila nguo inashonwa baada ya wewe kuiagiza, kwa hivyo utaipata wiki tano baada ya oda kufungwa, si wiki tano tangu siku uliyolipa. Kama una harusi au mahafali, hesabu vizuri kabla ya kutuma pesa. Wiki ya kwanza yote ni ya kufua na kuanika kitambaa kabla mkasi haujakigusa. Pamba hupungua ikifuliwa mara ya kwanza, na ni heri ipungue mikononi mwetu kuliko ikubane kifuani baada ya mwezi. Na huu ni msimu wa mvua, jora zima halikauki kwa siku moja. Baada ya hapo mafundi wetu wanne hapa Kondele wanakata na kushona, halafu vifungo, pasi na ukaguzi. Mshono uliopinda unafumuliwa. Hapo hatuharakishi.

Dipoziti ni nusu ya bei: 1,600 kwa rinda, 1,100 kwa shati, 1,300 kwa suruali. Pesa hiyo ndiyo inayonunua kitambaa, uzi na vifungo vyako, ndiyo maana hatuwezi kuanza bila hiyo. Ukibadili nia kabla oda hazijafungwa, unarudishiwa yote. Tukishakata, dipoziti hairudi, lakini unaweza kumwachia ndugu au rafiki wa saizi yako achukue nafasi. Tukichelewa zaidi ya wiki mbili kwa sababu yetu, chagua: ungoje au urudishiwe kila shilingi.

Salio unalipa baada ya kutumiwa picha ya nguo yako ikiwa tayari. Walio Kisumu watachukua wenyewe. Kakamega, Siaya, Kisii na Nakuru tunatuma kwa matatu, nauli ya mzigo ni juu yako.

Kuagiza, tuandikie inboksi: nguo, rangi, kifua, kiuno, nyonga na urefu wako kwa sentimita. Tutakujibu na namba ya tili ya M-Pesa, na jina litakalotokea ni la duka. Likitokea jina la mtu, usilipe, tuulize kwanza.

Oda zinafungwa tarehe 10 Mei, saa kumi na mbili jioni. Nguo zitakuwa tayari tarehe 14 Juni.