Barua ya kuomba kuongezewa muda wa kotesheni ya mabati

Kikundi cha Wakulima wa Mpunga,
Ifakara,
Morogoro.

27 Januari 2025

Meneja Mauzo,
Kiwanda cha Mabati,
Barabara ya Nyerere,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KOTESHENI NAMBA 1187 YA TAREHE 11 NOVEMBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 11 Novemba 2024 mlitupatia kotesheni ya mabati ya kuezekea ghala letu la mpunga hapa Ifakara. Chini yake mliandika kwamba bei hizo zitadumu kwa siku 30, maana yake ziliisha tarehe 11 Desemba. Leo ni wiki ya saba tangu muda huo upite, na hatukuwaandikia wala kuwapigia simu. Kosa hilo ni letu na tunaomba radhi. Tulikuwa tunasubiri mkopo wa benki ambao tuliambiwa ungetoka kabla ya Krismasi. Fomu za dhamana zilirudishwa mara mbili kwa sababu ya saini za wadhamini zilizokosekana, na mkopo ukaidhinishwa Ijumaa iliyopita, tarehe 24 Januari. Ingefaa tuwaarifu mapema Desemba kwamba tumekwama. Hatukufanya hivyo.

Sasa fedha ipo. Kinachokosekana ni kotesheni iliyo hai, kwa sababu benki hailipi kwa kotesheni iliyokwisha muda. Malipo yatatoka benki moja kwa moja kwenda kwenye akaunti yenu. Kwa hiyo tunaomba muongeze muda wa kotesheni namba 1187 hadi Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, kwa bei na masharti yaleyale.

Ili tusipishane, haya ndiyo mliyotuandikia:

Bati mgongo mpana geji 28, rangi ya kahawia, vipande 60 vya mita 7, jumla mita 420 kwa Sh 24,500 kila mita: Sh 10,290,000
Kofia 14 kwa Sh 18,000: Sh 252,000
Skrubu za bati zenye mpira, paketi 10 za skrubu 250, kwa Sh 40,000: Sh 400,000
Gata vipande 18 vya mita 3 kwa Sh 45,000: Sh 810,000
Usafiri hadi Ifakara: Sh 1,200,000
Jumla kabla ya kodi: Sh 12,952,000
Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18: Sh 2,331,360
Jumla kuu: Sh 15,283,360

Jumla hiyo ndiyo iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama na kupitishwa, na ndiyo iliyoandikwa kwenye ombi la mkopo.

Tunafahamu kwamba miezi miwili na nusu si muda mfupi katika biashara ya mabati, na hatuwaombi muuze kwa hasara. Tunachoomba ni bei ya kweli. Koili zinanunuliwa kwa dola, na dola imeyumba sana katika kipindi hiki. Mlipotuandikia Novemba, dola moja ilikuwa zaidi ya Sh 2,600. Mwishoni mwa Desemba ikashuka hadi kwenye Sh 2,400 hivi, na mwezi huu imeanza tena kupanda kidogo, lakini haijarudi kule ilikokuwa. Kwa hesabu hiyo sisi wanunuzi tungeweza hata kuomba punguzo. Hatuliombi, kwa sababu tunajua inawezekana koili mlizonazo stoo mlizinunua wakati dola iko juu, na mwenye mali ndiye anayejua aliinunua lini. Lakini kama mzigo wenu wa sasa umeingia kwa dola ya Desemba, basi bei ya Sh 24,500 kwa mita bado inawalipa, na tunaomba mtuachie hiyohiyo.

Usafiri ni jambo jingine. Dizeli inabadilika kila mwezi, na EWURA watatangaza bei kikomo mpya Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 5 Februari. Ikiwa mwenye lori amebadilisha nauli yake, tutaelewa. Bado tuko tayari pia kutafuta lori wenyewe, maana malori yanayopeleka mchele Dar es Salaam mara nyingi hurudi huku matupu. Mkipenda njia hiyo, ondoeni usafiri kwenye kotesheni na mtuambie siku ya kuja kupakia, pamoja na urefu wa bodi unaohitajika kwa bati za mita 7 ili zisining'inie nyuma na kukunjika njiani.

Ikiwa kuna bei iliyopanda na hamuwezi kuirudisha, tunaomba mtuandikie kila bidhaa kwa mstari wake: bei ya zamani, bei ya sasa, na sababu kwa maneno machache. Jumla mpya peke yake haitatusaidia. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wanachama 43 kueleza kwa nini shilingi imeongezeka, na wengi wao wamechangia kwa kuuza mpunga gunia moja moja. Wakiona kwamba skrubu hazikupanda, gata hazikupanda, na bati imepanda kwa kiasi fulani kwa sababu fulani, watakubali au watakataa wakijua wanachokikataa. Wakiona jumla tu imevimba, watasema tumekula njama.

Naomba mzingatie na hili. Katiba ya kikundi inataka mkutano uitwe kwa notisi ya siku 7 kila matumizi yanapozidi kiasi kilichopitishwa, hata kikizidi kidogo. Mkithibitisha bei ileile kabla ya Ijumaa tarehe 31 Januari, hatuhitaji mkutano mwingine; barua ya malipo itaingia benki Jumatatu tarehe 3 Februari. Mkileta bei mpya, mkutano wa karibu tunaoweza kuufanya ni Jumamosi tarehe 8 Februari, na malipo hayawezi kuanza kabla ya tarehe 10. Ndiyo maana tumeomba muda hadi tarehe 17, ili hata njia hiyo ndefu ikihitajika, kotesheni isitufie tena mikononi.

Kwa upande wetu tunaongeza kitu. Masharti ya awali yalikuwa asilimia 60 kabla na asilimia 40 mzigo ukifika. Mkituachia bei ya Novemba, tutalipa asilimia 70 mara moja, yaani Sh 10,698,352, ili muweze kutenga koili na kukata bati zetu bila wasiwasi. Asilimia 30 iliyobaki, Sh 4,585,008, italipwa siku mzigo utakapokaguliwa hapa Ifakara, nasi tukipokea risiti ya EFD ya kiasi chote.

Kuhusu ubora, tunaomba pasibadilike kitu. Tulipokuja Novemba, dada wa mauzo alitutolea bati mbili, geji 28 na geji 30, akaziweka sakafuni bega kwa bega. Fundi wetu alikanyaga ukingo wa geji 30 kwa kisigino ikabonyea. Ya geji 28 ikarudi ilivyokuwa. Dada akatukatia kipande cha ile geji 28, akaandika namba ya kotesheni kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani. Kipande hicho kinaning'inia kwenye msumari ofisini kwetu, na mzigo utakapofika tutaulinganisha nacho. Ikiwa geji 28 ya kahawia haipo stoo, tuambieni hivyo. Rangi tunaweza kujadiliana, kijani pia inatufaa. Geji hapana. Jengo liko mahali pa wazi na upepo wa huku unaotangulia mvua umeshang'oa paa la jirani yetu aliyeezeka kwa bati nyepesi.

Urefu nao usiguswe. Kenchi zimesimama tangu wiki iliyopita na papi zimepigwa kwa kipimo cha bati ya mita 7, kipande kimoja kutoka kofia hadi gata, bila kiungo katikati. Mkituletea vipande viwili vya mita 3.5, kwanza havitatosha, maana hakuna pa kulalia, na pili kila kiungo ni mahali pa maji kupita juu ya magunia.

Nimetaja kenchi kwa makusudi. Mbao ziko juu, uchi, zinapigwa jua mchana na manyunyu usiku, na fundi ameshaonyesha mbili zilizoanza kupinda. Masika ya Kilombero kwa kawaida huanza Machi. Tunataka ghala liwe limeezekwa kabla ya mwezi huo, ili sakafu imwagwe na kukauka mpunga mpya ukianza kuvunwa Mei. Msimu uliopita hatukuwa na pa kuhifadhi. Tuliuza shambani kwa bei ya mnunuzi, na miezi mitatu baadaye tukanunua mchele dukani kwa bei ambayo hatuipendi hata kuikumbuka. Kwa hiyo tunaomba pia mtuambie mtahitaji siku ngapi kukata na kupakia baada ya malipo ya kwanza. Lengo letu ni mzigo kufika kabla ya tarehe 24 Februari.

Na kama koili zenu zinatoka China, tunajua keshokutwa, tarehe 29, wanaanza Mwaka Mpya wao na viwanda vingi vitafungwa. Ikiwa mzigo mlionao hautoshi mita 420 na mnategemea meli inayofuata, tafadhali semeni sasa. Jibu la "hatuna" linalofika wiki hii litatusaidia kuliko "mzigo uko njiani" tutakaloambiwa Machi.

Jibu tunaloliomba ni barua fupi au kotesheni mpya yenye tarehe mpya ya mwisho, saini na muhuri wa kampuni, pamoja na jina la akaunti kama lilivyo benki, herufi kwa herufi, kwa sababu benki watalilinganisha. Inaweza kutumwa kwa barua pepe, au ipigwe picha iliyo wazi na kutumwa kwa WhatsApp kwenye namba yetu mliyonayo, na ya karatasi ifuate na basi. Kama ni rahisi kwenu tuongee kwanza kwa simu, nipigieni wakati wowote baada ya saa nane mchana, maana asubuhi ninakuwa shambani ambako mtandao ni wa shida. Lakini tafadhali, tutakachokubaliana kwenye simu kiandikwe.

Tulikuchagueni kati ya wauzaji watatu, na hamkuwa wa bei ya chini kuliko wote. Tuliwachagua kwa sababu mlituonyesha bati zenu bila kutuharakisha, na mlijibu kila swali la fundi. Tungependa mzigo huu utoke kwenu.

Nimeambatanisha nakala ya kotesheni namba 1187, muhtasari wa mkutano uliopitisha manunuzi haya, na barua ya benki ya tarehe 24 Januari inayothibitisha mkopo.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha Wakulima wa Mpunga, Ifakara

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi
Mweka hazina
Fundi mkuu wa ujenzi