Samahani kwa majengo yaliyopotea: kilichotokea na tunachofanya sasa

Ndugu wachezaji,

Tunawaomba radhi. Jumapili saa 5 asubuhi tuliizima seva yetu ya Minecraft, na ilipowashwa tena saa 9 alasiri dunia ilikuwa imerudi ilivyokuwa Alhamisi saa 10 alfajiri. Kila mlichojenga, mlichochimba, mlichofuga na mlichouziana katika siku hizo tatu na ushee hakipo. Umeondoka ukuta wa upande wa bahari wa ile ngome ambayo kundi la Bandarini wanaijenga kwa mfano wa Fort Jesus ya Mombasa. Umeondoka mtaa mpya wa Mji wa Kale, nyumba zote za ghorofa na mabaraza yake. Limeondoka shamba la chuma la wadogo zetu waliosubiri shule zifungwe ndipo waanze. Tunajua kuna waliokesha. Uamuzi wa kuirudisha dunia nyuma tuliuchukua sisi wasimamizi, na kutunza bakapu ni kazi yetu, kwa hiyo lawama msitupiane ninyi kwa ninyi. Hakuna mchezaji aliyesababisha hili, wala seva haikudukuliwa.

Jumamosi saa 3:40 usiku diski ilijaa. Tulikuwa tumepanua mpaka wa dunia wiki hiyo, na plagini ya ramani ikawa inachora picha za maeneo mapya usiku na mchana, kwenye diski ileile inayobeba dunia na bakapu. Minecraft huihifadhi dunia vipandevipande katika faili za `.mca`, kila faili likibeba chanki 1,024, yaani eneo la bloki 512 kwa 512. Diski ikikosa nafasi wakati seva inaandika, faili linaweza kubaki nusu. Seva ikishindwa kuisoma chanki iliyoharibika, huweza kuiumba upya kutokana na mbegu ya dunia, kama vile hakuna mtu aliyewahi kukanyaga hapo. Ndiyo sababu Jumapili asubuhi baadhi yenu mlikuta mraba wa msitu katikati ya soko. Faili za wachezaji nazo ziliguswa, na kwa kuwa sanduku la Ender hukaa ndani ya faili la mchezaji mwenyewe, waliopoteza mizigo ya mwilini walilikuta nalo tupu.

Mmeuliza kwa nini turudi hadi Alhamisi wakati bakapu huchukuliwa kila alfajiri. Skripti ya bakapu ilikuwa na sharti kwamba nafasi isipotosha, iruke. Ikaruka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na hatukuwa tumeiagiza itume taarifa inaporuka. Diski kujaa ni jambo linaloweza kuipata seva yoyote. Kukosa bakapu kwa siku tatu bila sisi kujua ndiko kulikowagharimu, na hilo halikustahili kutokea.

Mmeuliza pia kwa nini tusingerudisha yale maeneo mabovu tu. Tulilifikiria sana. Shida ni kwamba jengo kubwa huvuka mpaka wa faili, hivyo nusu ingekuwa ya Alhamisi na nusu ya Jumapili, na mizigo ya wachezaji isingelingana na masanduku. Mtu angekuwa na Elytra yake mwilini na nyingine ileile sandukuni, na jirani yake hana hata moja. Uchumi wa soko letu usingepona. Tukaona ni afadhali wote tusimame mahali pamoja, kisha turudishe majengo kwa mkono.

Na yapo yanayorudishika. Ile dunia iliyoharibika hatukuifuta, tumeiweka pembeni kwenye mashine nyingine. Tumekagua faili zake moja moja: katika Overworld faili 61 kati ya 74 ni nzima, Nether ni nzima yote. Majengo yaliyo ndani ya faili nzima tutayakata kwa WorldEdit na kuyabandika mahali pake. Ukitaka kujua lako liko faili gani, bonyeza F3 usome X na Z, gawanya kila moja kwa 512, kisha shusha hadi namba kamili ya chini. Jengo lililo X 1340 na Z -870 liko kwenye `r.2.-2.mca`. Orodha ya faili 13 zilizoharibika imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale spawn. Ngome ya Bandarini imesalimika. Mji wa Kale, kwa masikitiko, uko nusu kwa nusu.

Kuna mambo mawili hamtayapenda, na ni haki myajue mapema. Masanduku ya majengo tutakayorudisha yatabandikwa yakiwa matupu, ili vitu visizaliane. Vilivyomo tutavirudisha kwa kufuata kumbukumbu za CoreProtect, ambazo zipo kamili kwa sababu huandikwa kwenye hifadhidata iliyo mashine nyingine. Humo tunaona kila bloki iliyowekwa na kila kitu kilichoingia au kutoka sandukuni, kwa jina na saa. Na wanakijiji, farasi, fremu na stendi za deraya havikai kwenye faili za majengo, vina folda yake iitwayo `entities`, na folda hiyo iliumia zaidi. Waliopoteza wanakijiji wa kuuza Mending watapewa wengine wenye bei ileile, tukishathibitisha kwenye kumbukumbu.

Kwa wale ambao maeneo yao yako kwenye faili 13, vifaa vyote mlivyotumia kujenga mtarudishiwa, na tutakaa nanyi kujenga upya, mkitaka. Picha za skrini zitasaidia sana. Kama unatumia ramani ya Xaero, tafadhali nakili folda yake kabla ya kurudi eneo lako, maana ukishapita hapo ramani hujichora upya na kuifuta ile ya zamani. Mwenye faili la Litematica la jengo lake atutumie, tutalibandika siku hiyohiyo.

Vyeo mlivyovichangia kwa M-Pesa havikuguswa, na siku zilizopotea tumeziongeza juu ya muda wenu.

Bakapu sasa huchukuliwa kila baada ya saa sita na kupelekwa mashine nyingine kabisa. Ikiruka au ikishindwa, wasimamizi wote wanne wanapata ujumbe kwenye simu. Ramani tumeihamishia diski yake. Kwa wenye seva zao wanaosoma hapa, mpangilio ni huu, na kunakili kunafanyika kabla ya amri ya mwisho:

```
save-off
save-all flush
save-on
```

Kila Jumamosi tutafungua bakapu moja kwenye seva ya majaribio na kuingia ndani kutazama, kwa sababu bakapu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua hatuwezi kuitegemea tena.

Kazi ya kubandika inaanza Alhamisi hii. Hadi hapo msijenge kitu kipya juu ya eneo mnalotaka lirudishwe, kwani kitafunikwa. Fungua tiketi ukiandika jina lako la mchezo, X na Z za pembe mbili za jengo, na kilichopotea. Tutaanza na majengo ya pamoja, kisha ya mtu mmojammoja kwa zamu ya tiketi. Kesho saa 2 usiku ya Afrika Mashariki, saa 3 kwa mlioko Muscat, wasimamizi wote tutakuwa kwenye chumba cha sauti. Njooni na maswali, hata yenye hasira. Asiyeweza kufika aandike kwenye tiketi yake, atajibiwa humo.

Kwa niaba ya wasimamizi,
Msimamizi mkuu