Barua kwa wachapaji wapya wa vitabu vya ubatizo

Masasi, 6 Oktoba 2025

Ndugu zangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru mmekubali kujitolea. Kazi ya kuchapa vitabu vya zamani vya ubatizo kwenye kompyuta inaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, chumba cha nyaraka, nyuma ya ofisi ya parokia. Someni barua hii kabla ya kuja, maana siku ya kwanza sitapenda kutumia muda kueleza mambo yanayosomeka nyumbani.

Kanuni kubwa ni moja: andika herufi zilizoko kwenye karatasi, hata kama unajua kwamba padre alikosea. Kama ameandika "Massassi", andika Massassi. Padre Mjerumani wa zamani aliandika alivyosikia kwa sikio lake. "Tsch" yake ni "ch" yetu, "sch" yake ni "sh". Kuna safu ya mwisho iitwayo Maoni. Huko ndiko unakoweka Masasi yako ya leo.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta watoto wawili waliobatizwa kwa kupishana miaka mitatu, mmoja mama yake ameandikwa Atupele, mwingine Atupere. Nikajiambia, sisi wa huku "l" na "r" tunazichanganya kila siku, huyu ni mama mmoja. Nikaandika Atupele kote. Baadaye akaja mjukuu kuulizia bibi yake, nikamtolea karatasi inayoonyesha bibi ana waume wawili katika vijiji viwili. Mzee aliyekuja naye alisimama akatoka nje bila kuaga. Tuliporudi kwenye kitabu chenyewe, kumbe walikuwa wanawake wawili kabisa, na hata kijiji kilikuwa kimeandikwa wazi kwenye safu ya pembeni. Nilikuwa sijaiangalia.

Kwa hiyo safu ya mama msiiruke hata ikiwa na wino uliofifia. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na wengi wanaokuja hapa wanamtafuta bibi mzaa mama au mjomba. Jina la baba peke yake haliwafikishi mbali.

Tuje kwenye mwandiko. Vitabu vya zamani vina mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule, ambao "e" inafanana sana na "n", na "u" imewekewa kijikunjo juu ili isidhaniwe ni "n". Kijikunjo hicho si sehemu ya jina, usikichape. Helena anaweza kukujia kama Hnlnna. Usipoweza kusoma neno, tafuta herufi hiyo hiyo kwenye neno unalolijua katika ukurasa uleule, kwa mfano jina la mtakatifu au la mwezi, kisha linganisha mkunjo wa kalamu. Nami hufanya hivyo kila siku. Ikishindikana, andika [haisomeki]. Ukiwa na nusu ya uhakika, andika ulichosoma kisha weka [?]. Neno lililokatwa kwa mstari huandikwa [imekatwa: Petro]. Mabano ya mraba ni yetu sisi tu, kwa hiyo msiyatumie kwa kitu kingine. Mwenye mabano mengi sitamuuliza. Nitakayemuuliza ni yule aliyemaliza kurasa ishirini za mwandiko ule bila hata bano moja.

Tarehe ndizo zimewaangusha wengi. Mkiona 7bris, msiandike Julai. Ni Septemba, kwa sababu "septem" kwa Kilatini ni saba, na hesabu ya kale ya Warumi ilianzia Machi. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Junii na Julii zinatofautiana kwa herufi moja tu, na kalamu ikiwa nene hata hiyo moja inapotea. Hapo angalia tarehe iliyotangulia na inayofuata, kwa kuwa kwa kawaida padre alijaza kitabu kwa mfuatano. Maneno "eodem die" ni siku hiyo hiyo: yaandike yalivyo, kisha tarehe kamili uiweke kwenye safu ya Tarehe.

Kompyuta nayo ina ujanja wake. Excel haitambui tarehe za kabla ya mwaka 1900, na ukiandika 3-4 inaigeuza kuwa tarehe bila kukuuliza. Kabla ya kugusa kitu, chagua safu zote kisha ziwekwe `Text`. Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku:

```
1898-09-03
```

Faili lipewe jina la kitabu na ukurasa, mfano `B03_p041.xlsx`, yaani kitabu cha 3 cha ubatizo, ukurasa wa 41. Ukurasa mmoja, faili moja. Hifadhi kila baada ya mistari mitano, umeme wa huku mnaujua.

Mkikuta miaka imeruka, msidhani kurasa zimeibwa. Vita vya Majimaji vilianza 1905, na misheni ya Nyangao na ya Lukuledi zilishambuliwa. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 nayo yalipiganwa jirani na Nyangao. Andikeni tu kwenye Maoni mwaka wa mwisho na mwaka unaofuata.

Sasa jambo zito. Mtaona mtoto aliyeandikwa kuwa baba yake hajulikani. Mtaona aliyekombolewa kutoka utumwani. Masasi yenyewe, misheni ya Waanglikana iliyoanza 1876, ilianza na watu waliokombolewa, kwa hiyo kwetu si hadithi ya mbali. Andika neno kama lilivyo, usililainishe, na ukitoka hapa usiliseme. Hawa wana wajukuu, na wajukuu wengine ni majirani zako. Ukikuta jina la familia yako, nenda ukaninong'oneze, tutapanga mtu mwingine aandike ukurasa huo. Hakuna kupiga picha kwa simu, hata ya wino mzuri. Vitabu vya miaka ya karibuni, ambavyo wenyewe bado wako hai, hatuvichapi kabisa.

Mnachapa kutoka kwenye picha zilizopigwa tayari. Kitabu chenyewe nakifungua mimi, pale tu picha inapokosa kusomeka. Mkono uwe umenawa na kukauka, na kalamu mezani iwe ya risasi. Najua msimu wa korosho umeingia na kila mfuko una zake za kukaanga. Zile mafuta yake kwenye karatasi ya miaka mia moja hayatoki. Kuleni barazani, mnawe, ndipo muingie. Mwaka jana nilikuta ganda la korosho ndani ya kabati la vitabu na mpaka leo sijui ni la nani.

Kila ukurasa utasomwa na mtu wa pili asiyeona ulichoandika wewe. Anachapa upya, kisha tunalinganisha. Mkitofautiana, mnakaa wote wawili mbele ya picha na mimi katikati. Mara nyingi wa kwanza anakuwa sahihi, ila mara chache wa pili ndiye anayeiona ile "e" iliyokaa kama "n".

Njooni na maji ya kunywa na miwani kwa wanaoitumia.

Mtunza nyaraka wenu